Kuchagua Tangazo la Kwanza kwa Kadiri ya Utayari wa Mnunuzi
Mada iliyowasilishwa mbele ya wenye vitalu vya miche, Subukia

1. Utangulizi

Waandaaji wa semina hii waliniagiza nieleze ni tangazo lipi limfaalo mwenye kitalu ambaye hajapata kutangaza katika mtandao, naye ataka kuanza kabla ya mvua ya Machi kushika. Yaliyomo humu ni maoni yangu mwenyewe, wala si kauli ya idara yoyote; na pale nitakapotaja Google au Facebook, muradi wangu ni kueleza jinsi vyombo hivyo vifanyavyo kazi, si kuvisifu wala kuvishitaki.

2. Aina tatu za matangazo

Sitakawia hapa, kwa kuwa mengi mnayajua. Tangazo la utafutaji humtokea mtu aliyekwisha kuandika haja yake katika Google. Tangazo la mitandao ya kijamii humtokea mtu anayepitisha macho katika habari za jamaa zake, naye hakuuliza lolote. Tangazo la mabango ni ile picha inayojitokeza pembeni mwa gazeti la mtandaoni au katikati ya mchezo wa simu, ilhali mwenye simu yu katika shughuli nyingine kabisa.

3. Madaraja ya utayari

Tuchukue miche ya maparachichi ya Hass iliyopandikizwa, maana ndiyo wengi wenu mnayoiuza kandokando ya barabara ya Nakuru na Nyahururu. Mnunuzi wa kwanza amekwisha kuchimba mashimo na kutia samadi, na sasa angojea mvua tu. Huyu huandika katika simu yake maneno kama `grafted hass avocado seedlings price nakuru` au `bei ya miche ya avocado`, na lililobaki kwake ni kujua bei, mahali, na kama miche hiyo ni ya asili ya kweli. Wa pili ana shamba, naye amesikia kwamba tangu mwaka 2022 maparachichi mabichi ya Kenya yanaingia China, lakini bado anapima baina ya parachichi na kahawa, na hofu yake kubwa ni ile miaka mitatu hivi ya kungojea mavuno. Wa tatu analima mahindi yake huko Waseges kama alivyolima mwaka jana, na fikira ya miche haijampitia hata mara moja.

Kaida inayofuata haina utata. Wa kwanza hupatikana kwa utafutaji. Wa pili kwa mitandao ya kijamii, ambako aweza kuonyeshwa picha ya kiungo cha mche na kuuliza maswali yake kwa WhatsApp. Wa tatu huguswa na mabango, kwa gharama ya muda mrefu ambayo mwenye kitalu kidogo hana. Kwa hiyo fedha ya kwanza imwendee wa kwanza, kwa sababu ndiye atakayerudisha fedha hiyo kabla ya msimu kwisha, na faida yake ndiyo itakayogharimia kumtafuta wa pili.

4. Tatizo lenyewe: kisanduku kilichotiwa alama

Hapa naomba subira yenu, kwa kuwa jambo hili nimelipigia kelele miaka mingi katika vikao vya namna hii, na kila msimu hulikuta palepale nilipoliacha.

Mwenye kitalu akishawishika kwamba utafutaji ndio umfaao, hufungua Google Ads, huchagua kampeni ya aina ya `Search`, huandika maneno yake, huweka fedha yake, na kuondoka akiamini kwamba amenunua utafutaji. Walakini katika hatua za kuunda kampeni hiyo iko sehemu iitwayo `Networks`, na ndani yake mna kisanduku cha `Display Network` ambacho aghalabu hukikuta kimekwisha kutiwa alama kabla hajakigusa. Maana yake ni kwamba fedha ambayo haikupata kazi katika utafutaji yaruhusiwa kwenda kununua mabango. Hakuna udanganyifu hapo, kwa kuwa maelezo yake yameandikwa. Lakini yameandikwa kwa maneno ya kutuliza, na anayeyasoma kwa haraka hudhani kwamba amepewa nyongeza.

Sababu ya jambo hili kutuumiza sisi kuliko watu wa Nairobi ni kwamba watafutaji wetu ni wachache. Anayeuza bima katika mji mkuu ana watafutaji wa kumaliza fedha yake yote kabla ya adhuhuri, hivyo kinachobakia kwa mabango ni kidogo; bali mwenye kitalu cha Subukia, aliyelenga Subukia, Kabazi na Waseges peke yake, huenda asipate siku nzima watu wa kutosha walioandika maneno yake, na kwa hiyo sehemu kubwa ya fedha yake huhesabiwa kuwa masazo. Kadiri soko linavyokuwa dogo, ndivyo mvujo unavyozidi.

Tufanye hesabu ya mfano, nami nasisitiza kwamba ni mfano tu. Mtu ana shilingi 6,000 kwa siku 30, yaani 200 kwa siku. Tuseme bofyo moja la utafutaji ni shilingi 15. Atapata mabofyo 400. Ikiwa katika kila mabofyo 20 mtu mmoja anapiga simu, ni simu 20. Na ikiwa mmoja katika wanne ananunua miche 50 yenye faida ya shilingi 50 kila mmoja, amepata wanunuzi watano na faida ya shilingi 12,500. Akitoa gharama ya tangazo, amebakiwa na 6,500.

Sasa mwache na kisanduku chake, na nusu ya fedha iende kwa mabango kwa shilingi tatu kila bofyo. Utafutaji utampa mabofyo 200, simu 10, na wanunuzi wawili au watatu. Mabango yatampa mabofyo 1,000, mengi yakiwa ya kidole kilichoteleza katika mchezo wa mtoto, na tuseme hayakuleta simu hata moja. Faida yake imeshuka hadi kati ya shilingi 5,000 na 7,500, naye ametumia 6,000. Lakini taarifa itamwambia kwamba amepata mabofyo 1,200 kwa wastani wa shilingi tano, na kwa yule asiyejua, hiyo ni kampeni iliyofanikiwa mara tatu zaidi ya ile ya kwanza! Ndiyo maana kosa hili halijitangazi lenyewe: linaharibu biashara huku likipamba hesabu.

Dalili zake zaonekana kwa anayetazama. Katika orodha ya kampeni, bonyeza `Segment`, kisha uchague `Network (with search partners)`, na wastani ule utagawanyika, mabango yakae peke yake na utafutaji peke yake. Ukiona mabofyo mengi ya bei rahisi upande wa mabango, na simu zote upande wa utafutaji, umekwisha kupata jawabu. Fauka ya hayo, taarifa ya `When and where ads showed` hukuonyesha majina ya michezo na programu za simu ambamo bango lako limekaa. Nao mchezo wa kupanga peremende haununui miche.

Jamaa ya kisanduku hiki ni chaguo la mahali liitwalo `Presence or interest`, ambalo nalo huwa limewekwa tangu mwanzo. Kwa chaguo hilo, tangazo laweza kumfikia mtu aliyeko mbali aliyeonyesha kupendezwa na mahali ulipolenga. Kwetu sisi si jambo dogo, kwa kuwa baadhi ya wanaoulizia Subukia katika mtandao ni mahujaji waendao madhabahu ya Bikira Maria, wala hawana haja ya mche.

5. Mipaka ya kaida hii

Sitaki ionekane kwamba utafutaji ni dawa ya kila maradhi. Utafutaji hukusanya raghba iliyokwisha kuwapo, wala hauizalishi. Ukiwa na aina mpya ya mche ambayo wakulima hawajaijua hata jina, hakuna atakayeliandika, na hapo mitandao ya kijamii hutangulia kwa lazima. Pimeni kwanza kwa `Keyword Planner`: ikiwa maneno yenu kwa Subukia peke yake yanaonyesha `10 – 100` kwa mwezi, panueni eneo mpaka Nakuru yote, Nyandarua, Laikipia na Baringo, maadamu miche yenu yaweza kusafirishwa huko bila kunyauka.

Na ikiwa hata baada ya kupanua fedha haiishi, iacheni isiishe. Hili ndilo gumu kuliko yote kukubaliwa, kwa kuwa mtu aliyetenga 6,000 huona aibu kutumia 3,500. Lakini ile 2,500 iliyobaki ingali mfukoni mwake, ilhali iliyokwenda katika mabango haitarudi.

Mabango nayo yana wakati wake, hasa kumkumbusha mtu aliyekwisha kuzuru ukurasa wako. Lakini Google hudai orodha ya wageni wasiopungua 100 katika siku 30 kabla ya kuwakumbusha kwa mabango, na wengi wetu hatujafika hapo.

6. Mapendekezo

(i) Kampeni ya kwanza ya mwenye kitalu iwe ya utafutaji, ila pale bidhaa isipojulikana jina.

(ii) Alama ya `Display Network` iondolewe kabla ya kampeni kuanza, si baada ya wiki.

(iii) Mahali pachaguliwe `Presence` peke yake.

(iv) Maneno yaandikwe kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwa kuwa mkulima yuleyule huandika kwa lugha zote mbili. Na yazuiwe maneno ya wasionunua, kama `how to graft`, `pdf`, `jobs` na `avocado oil`.

(v) Ukurasa wa tangazo utaje bei, mahali na simu, na uonyeshe hati za kitalu, kwa kuwa KEPHIS hukagua afya ya mimea na mnunuzi aliye tayari huuliza hati pamoja na bei.

(vi) Iwekwe laini ya simu mahususi kwa tangazo, na kila anayepiga aandikwe daftarini: tarehe, alikotoka, na idadi ya miche aliyonunua.

(vii) Kampeni ipimwe kwa simu na miche iliyouzwa, wala isipimwe kwa mabofyo.

(viii) Mitandao ya kijamii ifuate baadaye kwa mnunuzi wa daraja la pili, nayo ipimwe kwa mazungumzo ya WhatsApp. Alama za kupendezwa zisihesabiwe. Kitufe cha `Boost post` kisiguswe mpaka mtu ajue anamtafuta nani.

(ix) Matangazo yaanze majuma machache kabla ya mvua ya Machi, na tena kabla ya ile ya Oktoba, kisha yasimamishwe mvua ikikatika, kwa kuwa hata mnunuzi aliye tayari hapandi katika vumbi.

(x) Fedha isiyotumika isitafutiwe kazi.

(xi) Maofisa wanaofundisha biashara mtandaoni waombwe, kwa heshima zote, kuonyesha kisanduku cha `Display Network` kwa macho ya wanafunzi, kwenye simu, badala ya kukitaja kwa mdomo. Na ikiwa muda wa somo ni mfupi, basi pendekezo la (ii) lifundishwe na mengine yaachwe.