Mboga Kabla ya Kuingia Friza



Njegere mbichi ukizitia friza hivi hivi, baridi haiui vimeng'enya vinavyozichakaza. Inavipunguzia kasi tu. Baada ya miezi zinapauka, zinanuka majani makavu, na fedha yako imekwenda.

Kwa nusu kilo, chemsha maji lita 4. Tumbukiza, funika. Maji yakitokota tena, ndipo uanze kuhesabu: njegere dakika 1 na nusu, karoti za vipande 2, sukuma wiki 3, maharage machanga 3. Ukipunguza, vimeng'enya vinachangamka zaidi. Ukizidisha, mboga inaiva.

Papo hapo zitie kwenye maji ya barafu kwa dakika zile zile, maana joto la ndani huendelea kupika. Vunja moja: katikati pakiwa baridi, basi. Chuja vizuri, ndipo ufunge.