Maharagi na makala

Leo tuongee juu ya makala tu. Hapa Kolwezi kura ikikatika kila mmoja anarudi kwenye mbabula, na maharagi yanakula makala kuliko bukari.

Sisi tunafanya hivi. Usiku tunaloweka maharagi, asubuhi tunamwaga yale maji na kutia mapya. Tunafunika sufuria, tunaacha yachemke kwa nguvu nusu saa, maana maharagi mekundu yasipochemka vizuri yanaumiza tumbo. Kisha tunaitoa bila kuifunua, tunaizungushia blanketi zito ndani ya kikapu, masaa matatu au manne. Yanaendelea kuiva kwa joto lake lenyewe. Mbele ya kula tunachemsha tena. Ukikuta ni vuguvugu tu, blanketi lilikuwa jembamba ao sufuria haikujaa: chakula kidogo kinapoa haraka.

Makala yaliyobaki tunayafungia kwenye kopo la chuma lenye kifuniko. Bila hewa yanazimika, kesho yanawaka tena. Ila mbabula yenye moto haiingii chumba cha kulala, hata kwa ile baridi ya mwezi wa sita. Hewa yake mbaya haina harufu, na inaua.