Bido moja na saa: jinsi tulivyoandika upya bajeti ya robine yetu

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Baraka

Mlituomba tueleze kwa nini ombi la pesa za maji lilirudishwa na komite ya maendeleo ya kartie, na tumebadilisha nini. Tutasema wazi, maana kosa lilikuwa letu, sisi wa timu ya maji.

Mara ya kwanza tulikwenda na kurasa tisa za projekta. Picha zilikuwa nzuri: watoto ziwani na mabido, ramani, kisha jumla ya dola 3000. Tuliandika kwamba robine nne zitahudumia watu 1000, kwa sababu mwongozo wa Sphere unahesabu watu 250 kwa robine moja. Mama mmoja wa komite akauliza: «Mwezi wa nane, saa sita mchana, bido inajaa kwa dakika ngapi?» Tukakosa jibu. Akaongeza: «Basi munaniuzisha robine, hamuniuzishi maji.»

Alikuwa na haki. Ile hesabu ya watu 250 inafaa tu kama kila robine inatoa lita 7 na nusu kwa dakika. Robine ni chuma tu; maji yanatoka kwenye tiyo kubwa inayoteremka toka mlimani, na wakati wa kiangazi yanapungua.

Tulingoja kiangazi, tukaenda na bido ya lita 20 na saa ya simu. Kwenye ncha ya tiyo, mchana, wakati watu wote wanachota, bido ilijaa kwa sekunde 80. Ni lita 15 kwa dakika. Kwa saa nane za kuchota ni lita 7200, na kila mtu akipata lita 15 kwa siku, zinatosha watu 480. Lakini tulipopita nyumba kwa nyumba tulihesabu nyumba 130, karibu watu 780. Wanahitaji lita 11700. Tungejenga robine nne, na mchana zingegawana maji ya robine mbili. Foleni, kusukumana, na wengine wangerudi ziwani, ambako kipindupindu tunakijua sote.

Dawa yake ni usiku. Maji yanapita watu wakilala, na hakuna anayeyachota. Tanki la lita 5000 linajaa kwa muda wa saa tano na nusu, hata kwa nguvu ileile ya mchana. Jumlisha na yale ya mchana, tunafika lita 12200. Tulihakikisha pia kwamba maji yanaweza kupanda: tulipopima, tuliinua mpira hadi kimo cha mdomo wa tanki. Ukipima chini halafu ukajenga juu, umejidanganya.

Pesa za tanki zimetoka wapi? Bajeti ya kwanza ilikuwa na dola 500 za kulipa wachimba mtaro na dola 600 za «mengineyo». Komite ilituambia mengineyo si kitu cha kununua sokoni. Tumeyafuta yote mawili. Sasa ni hivi: tiyo dola 800, sakafu na robine nne 700, vali na mita 200, mfereji na shimo la kunyonya maji machafu 200, tanki na msingi wake 1100. Jumla ni dola 3000 zilezile. Ila mtaro wa mita 320 tutauchimba wenyewe.

Ukurasa mpya wa mwisho ni wa matunzo. Robine ya zamani karibu na soko ilikufa kwa raba moja iliyochakaa, kwa sababu hakukuwa na sanduku la kununulia nyingine. Kila nyumba itatoa faranga 1000 kwa mwezi. Tumehesabu nyumba 100 tu, kwani zingine hazitaweza. Kwa faranga hizo 100000, mlinzi apate 60000, na 40000 zibaki kwa raba, vali na kusafisha tanki.

Limebaki jambo moja zito: parsele. Tuliotoka Tanzania tunajua kurudi na kukuta mwingine amejenga. Kwa hiyo robine haitakaa kwenye avenyu yetu peke yetu. Itakaa mpakani na jirani zetu waliobaki hapa wakati wa vita, na majina yao yamo katika zile nyumba 130. Mzee mwenye kiwanja amekubali kwa mdomo. Komite inataka karatasi yenye sahihi yake, ya watoto wake wakubwa na ya shefu wa kartie. Bila karatasi hiyo, msitoe hata dola moja, wafadhili. Na wanachama, kabla hatujaondoka hapa, tunaomba watu wawili wa kwenda naye kwa shefu, na majina ya wachimba mtaro.