Kadi za Mfuatano wa Maisha ya Kipepeo wa Mndimu: Picha Isimpe Mtoto Jibu

Karatasi ya kukata yenye hatua za maisha ya kipepeo ni zana ambayo mwalimu wa Magongo, Mombasa, anaipata bila shida. Anaichapisha saiba, anatoa kopi, na watoto wanashika mikasi na kupanga kadi nne: yai, kiwavi, pupa na kipepeo. Aghalabu wanapatia mara ya kwanza. Mimi naona hapo ndipo pa kusitia shangwe, kwa sababu darasa zima likipatia bila hata mtoto mmoja kukwama, huenda karatasi yenyewe ndiyo iliyowaambia. Karatasi nyingi zina namba kwenye pembe, au mishale, au kingo zinazoshikana kama vipande vya chemshabongo. Zisizo na hivyo zina siri nyingine: mchoro wa yai ni mdogo, wa kiwavi mkubwa kidogo, na wa kipepeo umejaza kadi. Mtoto anapanga kutoka kidogo kwenda kikubwa, mwalimu anaweka alama ya vyema, na hakuna lililojifunzwa kuhusu kipepeo. Hoja ya makala haya ni kwamba kadi za mfuatano zina kazi pale tu ambapo mtoto analazimika kuzipanga kwa kujua jinsi mwili unavyobadilika.

Tuchukue kipepeo anayepatikana hapa hapa. Hata Magongo, kwenye nyumba zilizosongamana, mndimu au mlimau mmoja uani hutosha kumvuta kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, ambaye wanasayansi humwita *Papilio demodocus*. Jike hutaga yai moja moja kwenye majani machanga. Yai ni la mviringo, rangi yake manjano hafifu, na upana wake ni wa milimita moja hivi. Kiwavi anayetoka hujivua ngozi mara nne kabla ya kuwa pupa. Katika vipindi vya mwanzo ana rangi ya kahawia iliyokolea na baka jeupe, na akitulia juu ya jani utadhani ni kinyesi cha ndege, hivyo ndege wanampita. Akifika kipindi cha mwisho anageuka kijani chenye mikanda ya kahawia, na sasa anajificha kwa kufanana na jani lenyewe. Ukimgusa anatoa pembe mbili laini za rangi ya machungwa nyuma ya kichwa, zenye harufu kali.

Mtoto asiyeambiwa huwahesabu viwavi hawa wawili kuwa wadudu tofauti. Ndiyo maana karatasi yenye kadi moja ya kiwavi inamnyima sehemu nzito kuliko zote za somo. Isitoshe, karatasi nyingi zinazotoka ng'ambo huchora kipepeo wa Amerika ambaye hapa hayupo. Pupa wake huning'inia kichwa chini, ilhali pupa wa mndimu husimama kichwa juu, amejifunga kwenye kijiti kwa uzi mwembamba wa hariri uliomzunguka kiunoni. Mtoto aliyefundishwa kwa karatasi ile atautafuta mndimu mzima asimwone pupa aliye mbele ya macho yake.

Kwa hiyo napendekeza karatasi ya A4 igawanywe visanduku sita, viwili kwa upana na vitatu kwa urefu, kila kimoja sentimita 10.5 kwa 9.9. Kadi ziwe yai, kiwavi wa kahawia, kiwavi wa kijani, pupa, kipepeo aliyekunjua mbawa, na kipepeo jike akitaga juu ya jani. Michoro yote ijaze kisanduku kwa kiasi kilekile, ili ukubwa wa mchoro usiseme kitu. Chini ya kila mchoro uchorwe mstari mfupi wa urefu halisi: nukta kwa yai, sentimita nne na nusu hivi kwa kiwavi wa kijani, na mstari mfupi kuliko huo kwa pupa. Mstari huo wa pupa ndio mtego. Mtoto anayepanga kwa kimo atamtanguliza pupa mbele ya kiwavi wa kijani, na mwalimu ataona papo hapo kwamba anafikiri maisha ni kukua tu. Ukweli ni kwamba mdudu huyu huacha kula, hujikunja akapungua urefu, kisha mwili unajengwa upya. Kadi za chura zina mtego huohuo: kiluwiluwi mwenye mkia wake wote anaweza kuwa mrefu kuliko chura mchanga atakayetokana naye, kwa kuwa mkia haukatiki ukaanguka bali hunywewa na mwili. Mtoto anayesema mkia umekatika hajakosea mpangilio, amekosea kisa.

Yapo maelezo mengine ya kutengeneza. Karatasi nzima ibandikwe kwanza kwenye boksi jembamba la sabuni au majani ya chai, ikauke chini ya vitabu vizito, ndipo ikatwe. Ukikata kwanza, unyevu wa Mombasa unazikunja kadi, na kadi iliyokunjika vibaya hukaririwa kwa umbo lake badala ya picha. Kingo ziwe zimenyooka. Kopi nyeusi na nyeupe huua tofauti ya kahawia na kijani, basi baka jeupe la kiwavi mchanga lichorwe waziwazi, au viwavi wawili wapakwe rangi kwa mkono.

Wapo watakaosema kwamba namba na kingo za kushikana humsaidia mtoto mdogo kujisahihisha. Haja hiyo ni ya kweli, nami naiheshimu. Lakini namba inaweza kuandikwa mgongoni mwa kadi: mtoto anapanga, anatoa sababu, kisha anageuza. Wengine watauliza faida ya karatasi iwapo mndimu upo. Jibu ni muda. Kutoka yai hadi kipepeo hupita mwezi hivi au zaidi, likizo huingia katikati, na mara nyingi viwavi huliwa au huuawa na nyigu wadogo wanaotaga ndani yao. Kadi huweka mezani kwa pamoja yale ambayo mti hauonyeshi kwa siku moja. Hata hivyo jani lenye kiwavi liletwe darasani kabla ya mikasi. Mpangilio huo nausisitiza, kwani anayekata kabla ya kuona hukata michoro tu.

Pingamizi lililo zito zaidi ni la idadi. Darasa lenye watoto 50 halina muda wa kumsikiliza kila mmoja. Seti moja kwa watoto watano inatosha, yaani seti kumi, na kazi ya kusikiliza ifanywe na watoto wenyewe: mmoja anaweka kadi, mwenzake anauliza, "Umejuaje?" Jibu la "kwa sababu ni kubwa" halikubaliki. Jibu la "kwa sababu huyu anakula majani na huyu hali tena" linakubaliwa. Hapa ipo habari ya karibu yetu inayofaa kusimuliwa: tangu 1993 wakazi wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo na kuuza pupa nje ya nchi kupitia mradi wa Kipepeo ulioko Gede. Kinachosafirishwa ni pupa kwa kuwa pupa hali wala haruki.

Limebaki suala la mshale wa mwisho, pale kadi zilizokwisha kupangwa mduara zinapounganishwa kwa mishale. Kati ya yai na kipepeo, kila mshale unasema mnyama yuleyule amebadilika. Mshale kutoka kipepeo kwenda yai hausemi hivyo, maana kipepeo hageuki yai. Jike anataga na maisha mengine yanaanza. Kadi ya sita imewekwa kwa ajili hiyo, na mshale wake uwe wa nukta nukta. Siku ya kupima, mwalimu asianze na yai. Aweke pupa mezani, ampe mtoto kadi tano zilizobaki, amwambie azipange mduara kuanzia hapo, na anapofika kwenye mshale wa nukta amwulize ni kipepeo yupi huyu anayetaga, na yai hili ni la nani.