Sekunde 30 za Mechi: Tatizo la Tukio Lililogeuza Mchezo

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya waandishi na watangazaji wa michezo wa redio



Nimeombwa nizungumzie skripti ya muhtasari wa mechi ya sekunde 30, ile inayosomwa baada ya taarifa ya habari au katikati ya muziki kwa ajili ya shabiki ambaye hakuiona mechi. Maoni nitakayotoa ni yangu, si msimamo wa kituo ninachofanyia kazi.

1. Maana na vipimo

Sote tunajua kwamba muhtasari huu una mambo matatu: matokeo, tukio lililogeuza mchezo, na mchezaji mmoja aliyeng'ara. Kwa kasi ya kawaida ya msomaji wa redio, sekunde 30 za Kiswahili hubeba maneno 60 hadi 65. Zaidi ya hapo msomaji ataanza kukimbia, na shabiki aliyeko jikoni au kwenye daladala ataanza kupoteza majina. Nisingependa kukaa hapa, ila kuna jambo moja la vipimo ambalo husahaulika.

Tarakimu hudanganya. Ukiandika "dk. 62" kwenye karatasi umeandika kitu kidogo sana, lakini msomaji atatamka "dakika ya sitini na mbili", silabi kumi, karibu sekunde mbili kamili. Mechi yenye mabao matano ikisomwa na dakika zake zote inaweza kumaliza sekunde sita au saba kabla hujasema nani alicheza vizuri. Kwa hiyo tarakimu zote kwenye skripti ziandikwe kwa maneno, ili hesabu ya maneno iwe ya kweli, na dakika itajwe moja tu: ile ya tukio lililogeuza mchezo.

2. Tatizo lenyewe

Matokeo hayana ubishi. Nyota wa mchezo ana ubishi kidogo. Kwenye tukio lililogeuza mchezo ndiko tunakoanguka, na tumekuwa tukianguka pale pale mwaka hadi mwaka, semina baada ya semina. Naomba nilieleze kwa mechi ambayo wengi wetu hapa tunaikumbuka.

Tarehe 27 Juni 2019 Kenya na Tanzania zilikutana Kairo, kwenye hatua ya makundi ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Zote mbili zilikuwa zimefungwa mabao 2 kwa 0 katika mechi za kwanza, Kenya na Algeria, Tanzania na Senegali. Simon Msuva aliitanguliza Tanzania dakika ya 6. Michael Olunga akasawazisha dakika ya 39. Dakika moja tu baadaye Mbwana Samatta akairudisha Tanzania mbele. Kipindi cha pili Johanna Omolo akasawazisha tena dakika ya 62, na dakika ya 80 Olunga akafunga la tatu. Kenya ikashinda 3 kwa 2.

Skripti tunazoletewa mezani kwa mechi ya aina hii huwa hivi:

"Katika mchezo mkali na wa kusisimua uliopigwa jijini Kairo, Taifa Stars ilianza kwa kasi na kupata bao dakika ya sita kupitia kwa Simon Msuva. Harambee Stars ilisawazisha dakika ya thelathini na tisa kupitia kwa Michael Olunga, lakini dakika moja baadaye Mbwana Samatta aliiandikia Tanzania bao la pili. Kipindi cha pili, Johanna Omolo alisawazisha dakika ya sitini na mbili, kabla ya Olunga kufunga bao la ushindi dakika ya themanini na kuifanya Kenya kuibuka na ushindi wa mabao matatu kwa mawili."

Ni maneno 79. Hakuna kosa la ukweli hata moja ndani yake, na ndiyo maana wahariri wengi huipitisha. Lakini itasomwa kwa karibu sekunde 40. Shabiki atasubiri matokeo mpaka neno la mwisho, na akishayasikia hatajua mchezo uligeukia wapi. Amesomewa orodha ya mabao kwa mpangilio wa saa. Mwandishi ameliacha swali gumu bila kulijibu, kisha akalifunika kwa "mkali na wa kusisimua".

Ukimwambia mwandishi ataje tukio lililogeuza mchezo, mara nyingi atataja bao la ushindi. Hilo ndilo kosa ninalopigana nalo. Bao la ushindi ni matokeo yenyewe, na limeshatajwa kwenye sentensi ya kwanza. Hapa limefungwa na Olunga, kwa hiyo litarudi tena kwenye sehemu ya nyota. Ukiligeuza kuwa tukio la mgeuko, skripti yako itakuwa imesema jambo moja mara tatu.

Wengine hutaja bao la Olunga la dakika ya 39, kwa kuwa ndilo lililoiamsha Kenya. Liwekeni kwenye mizani: liliishi dakika moja. Samatta alipofunga, mchezo ulirudi kule kule ulikokuwa, Tanzania mbele kwa bao moja. Tukio ambalo hali yake imefutwa hivyo haliwezi kuitwa mgeuko, hata kama lilikuwa bao zuri.

Kinachobaki ni kichwa cha Omolo. Kabla yake Tanzania ilikuwa imeongoza mara mbili. Baada yake haikuongoza tena. Ukiliondoa bao hilo, la dakika ya 80 lingekuwa la kusawazisha tu. Kwa hiyo kipimo ninachopendekeza kina maswali mawili: je, baada ya tukio hili hali ya zamani ilirudi? Na ukiliondoa, matokeo ya mwisho yanabaki vile vile? Tukio ambalo hali haikurudi baada yake, na matokeo hayasimami bila yake, na ambalo si bao la ushindi lenyewe, ndilo la kuandika.

Tukiandika kwa kipimo hicho, mechi ile inakuwa hivi:

"Kenya imeifunga Tanzania mabao matatu kwa mawili mjini Kairo, kwenye AFCON. Taifa Stars waliongoza mara mbili, kupitia Msuva na Samatta. Mchezo uligeuka dakika ya sitini na mbili: Johanna Omolo alisawazisha kwa kichwa, na Tanzania haikuongoza tena. Nyota wa mchezo ni Michael Olunga. Alifunga bao la kwanza la Kenya, kisha, dakika kumi kabla ya mwisho, akafunga la ushindi. Kenya, mabao matatu, Tanzania, mawili."

Maneno 62. Mabao yote matano yamo, dakika iliyotajwa kwa namba yake ni moja, na matokeo yamesikika mara mbili, kwa sababu msikilizaji wa redio huwasha redio katikati ya sentensi na hawezi kurudisha nyuma.

3. Kipimo kinapokwama

Lazima niseme mipaka yake. Kwanza, mgeuko si lazima uwe bao. Robo fainali ya Kombe la Dunia ya 2010, Ghana na Uruguay, ilikuwa 1 kwa 1 mpaka mwisho wa muda wa nyongeza. Luis Suárez aliuzuia kwa mkono mpira uliokuwa ukiingia golini, akapewa kadi nyekundu, Asamoah Gyan akagonga mwamba kwa penalti, na Uruguay ikashinda kwa mikwaju. Karatasi ya wafungaji haina habari yoyote ya tukio hilo. Mwandishi anayetegemea karatasi hiyo peke yake ataikosa mechi nzima.

Pili, kuna mechi zisizo na mgeuko. Tanzania ilipoifunga Uganda 3 kwa 0 tarehe 24 Machi 2019 na kufuzu AFCON kwa mara ya kwanza tangu 1980, Msuva alifunga dakika ya 21 na Tanzania haikutazama nyuma. Hapo ni heri kusema wazi kwamba waliongoza tangu dakika hiyo hadi kipenga cha mwisho, kuliko kubuni mgeuko usiokuwapo. Kubuni kwa namna hiyo nakuona kuwa ni uongo kwa msikilizaji.

Kuhusu nyota nitasema machache. Si lazima awe mfungaji. Fainali ya AFCON tarehe 11 Februari 2024, Abijani, Ivory Coast ilitoka nyuma na kuifunga Nigeria 2 kwa 1 kwa mabao ya Franck Kessié na Sébastien Haller, lakini pasi za mabao yote mawili zilitoka kwa Simon Adingra, na yeye ndiye aliyetangazwa mchezaji bora wa mechi. Pale ambapo waandaaji wametangaza tuzo, tuseme ni tuzo yao. Pale ambapo chaguo ni la meza yetu, tuseme ni letu. Vituo vyetu vina sababu za kuwa waangalifu katika hili, na naziheshimu.

4. Mapendekezo

Mwandishi wa skripti aitazame mechi, au akae na aliyeitazama. Hakuna pendekezo lingine litakalofanya kazi bila hili.

Mwandishi awe na daftari la hali ya mchezo: kila mara uongozi unapobadilika au sare inapopatikana aandike dakika, na pembeni aandike kadi, penalti zilizokoswa na wachezaji waliotolewa kwa majeraha. Mechi ya Kairo ingejaza mistari mitano tu, na mstari wa Omolo ungejionyesha wenyewe.

Matokeo yawe sentensi ya kwanza na ya mwisho. Dakika itajwe moja. Tarakimu ziandikwe kwa maneno. Nimeyasema hapo juu na nayarudia kwa sababu yamesemwa kwenye semina nyingi na bado skripti zinakuja vile vile.

Skripti isomwe kwa sauti na saa mkononi kabla haijaenda studio, na ilenge sekunde 27 au 28, ili msomaji apate pumzi.

Rasimu inaweza kuanzwa dakika ya 80, lakini isirekodiwe kabla ya kipenga cha mwisho, na sentensi ya mgeuko iandikwe mwisho kabisa, kwa sababu bao moja la dakika za nyongeza linaweza kulibadilisha jibu lote.

Maneno "mkali", "wa kusisimua" na "wa kukata na shoka" yaondolewe. Kila moja linachukua nafasi ya jina la mchezaji.

Vituo vimpe mwandishi angalau dakika kumi kati ya kipenga na muda wa kwenda hewani. Najua ratiba za matangazo ya biashara zinabana na uamuzi huo uko juu ya wengi wetu tuliomo ukumbini, lakini wenye mamlaka hayo nao wamealikwa, na ombi hili ni lao.

Kwa wahariri, naomba jambo moja kabla ya msimu kuanza: skripti yoyote inayotaja bao la ushindi kuwa ndilo tukio lililogeuza mchezo irudishwe kwa mwandishi, hata kama kipindi kinaanza baada ya dakika tano.