Miezi Mitatu Iliyobaki: Muda wa Kustahili na Hatima ya Mchango wa Mwajiri

Mada kwa semina ya wafanyakazi, Arusha



1. Utangulizi

Hapa Arusha ukimuuliza mfanyakazi akiba yake ya uzeeni ni kiasi gani, mara nyingi atakutajia jumla ya michango miwili, wa kwake na wa mwajiri, kana kwamba yote imo mfukoni mwake. Kwa mifuko mingine jumla hiyo ni ya kweli. Kwa mingine, sehemu ya mwajiri ni ahadi yenye masharti. Sharti kubwa ni muda: lazima uwe umechangia kwa miaka kadhaa ndipo uwe na haki juu ya kile ambacho mwajiri amekuwekea. Muda huo ndio nitakaouita muda wa kustahili. Ukiondoka kabla haujatimia, unarudishiwa chako na kuacha cha mwajiri.

Nimechagua kuueleza kwa mfuko mmoja ambao mji huu unaujua kwa karibu kuliko miji mingi ya Tanzania, yaani Mfuko wa Pamoja wa Pensheni wa Watumishi wa Umoja wa Mataifa. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilianzishwa kwa azimio la Baraza la Usalama mwaka 1994, ikafanya kazi katika majengo ya AICC hadi ilipofungwa tarehe 31 Desemba 2015. Shughuli zilizobaki zilirithiwa na taasisi ambayo ofisi zake ziko Lakilaki. Madereva, walinzi, wakalimani na makarani wengi wa mji huu wamepita humo, na wengi waliingia kwa mikataba isiyokuwa na uhakika wa kudumu. Hao ndio ambao muda wa kustahili huwagusa zaidi.

2. Kwanza tuiweke NSSF mahali pake

Nianze hapa kwa sababu kuna dhana potofu. Wafanyakazi wa hoteli, mashamba ya maua na kampuni za utalii huniuliza: "Nikiacha kazi mapema, mwajiri atachukua asilimia zake kule NSSF?" Jibu ni hapana. Kwa sheria ya NSSF mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake. Ukishawasilishwa mfukoni, mchango wote unaingia kwenye kumbukumbu za mwanachama. Kuacha kazi hakumpi mwajiri haki ya kurudishiwa hata senti moja.

Kigezo cha muda kipo, ila ni cha aina nyingine. Ili upate pensheni ya kila mwezi unahitaji michango isiyopungua miezi 180, yaani miaka 15. Anayefika umri wa kustaafu bila kutimiza miezi hiyo hulipwa mkupuo badala ya pensheni ya maisha. Kwa hiyo NSSF hukupimia aina ya mafao utakayopata. Mfuko wa Umoja wa Mataifa hukupimia pia kama una haki yoyote juu ya fedha za mwajiri.

3. Kanuni ya miaka 5

Katika mfuko huo mfanyakazi huchangia asilimia 7.9 ya mshahara unaohesabiwa kwa pensheni, na mwajiri huchangia asilimia 15.8, mara mbili kamili. Mtumishi anayeondoka akiwa na chini ya miaka 5 ya uchangiaji, na hajafa wala hajapata ulemavu, ana fungu moja tu la kudai: michango yake mwenyewe pamoja na riba. Kanuni haiulizi kama aliacha mwenyewe au mkataba uliisha. Mchango wa mwajiri haurudi kwa mwajiri pia. Unabaki mfukoni na kulipia pensheni za wengine.

Akifikisha miaka 5, mlango wa pili unafunguka. Anaweza kuiacha michango yake mfukoni na kudai pensheni iliyoahirishwa, ambayo atalipwa kila mwezi atakapofika umri wa kustaafu hadi mwisho wa maisha yake. Kwa walioingia kuanzia tarehe 1 Januari 2014, umri huo ni miaka 65.

4. Mfano wa karani

Tuchukue karani wa kutunga. Alianza kuchangia tarehe 1 Machi 2020. Ili hesabu iwe nyepesi, tuseme mshahara wake wa pensheni ni dola 1,000 kwa mwezi na haukupanda. Kila mwezi yeye aliweka dola 79 na mwajiri dola 158.

Oktoba 2024 loji moja ya Usa River inamwita. Mshahara ni mzuri kidogo na anaweza kutoka kazini akaenda nyumbani kwa miguu. Wanamtaka tarehe 1 Desemba. Anaandika barua, na mwisho wa Novemba anaondoka akiwa amechangia miezi 57.

Michango yake ni 57 mara 79, yaani dola 4,503, na riba juu yake. Hizo atapewa. Ya mwajiri ni 57 mara 158, yaani dola 9,006. Hizo hazigusi. Fomu atakayojaza ya maelekezo ya malipo ni `PENS.E/6`, ya wenye chini ya miaka 5.

Sasa tuseme loji imekubali kumsubiri hadi tarehe 1 Machi 2025. Anafikisha miezi 60 na kujaza `PENS.E/7`, fomu ya wenye miaka 5 na zaidi. Kwa miaka 5 ya kwanza kila mwaka humpa asilimia 1.5 ya wastani wa mshahara wake wa mwisho, kwa hiyo amejipatia asilimia 7.5. Kwa mshahara wa dola 12,000 kwa mwaka, hiyo ni pensheni ya dola 900 kwa mwaka, au 75 kwa mwezi, kuanzia miaka 65. Michango yake mwenyewe bila riba ni dola 4,740. Kwa pensheni hiyo, kabla hajafikisha miaka 71 atakuwa ameshaipokea yote. Baada ya hapo analipwa kutokana na kile kilichowekwa na mwajiri.

5. Mtego wa pili

Hapa ndipo hata wenye miaka mingi hujikwaa. Kufikisha miaka 5 kunakupa haki ya kuchagua, na uchaguzi wenyewe unaweza kukupokonya ulichosubiri. Karani wetu akifikisha miezi 60 kisha akaomba fedha taslimu, atapewa zile dola 4,740 na riba tu. Mchango wa mwajiri ataupoteza vilevile, kama aliyeondoka miezi 3 kabla.

Anayechukua fedha taslimu huongezewa asilimia 10 ya michango yake kwa kila mwaka unaozidi 5, na nyongeza hiyo haivuki asilimia 100. Tumpe karani miaka 8. Amechangia dola 7,584, anaongezewa asilimia 30, anapata takriban dola 9,859 na riba. Lakini mwajiri alikuwa ameweka dola 15,168, na nyongeza aliyopewa ni kama dola 2,275. Hata akikaa miaka 15 na kupata nyongeza kamili, atapewa sawa na mara mbili ya michango yake, wakati mwajiri peke yake aliweka mara mbili hiyo. Kwa mwenye kuchukua taslimu, nusu ya mchango wa mwajiri haitoki kamwe.

Sisemi fedha taslimu ni kosa siku zote. Kijana wa miaka 30 anayesubiri miaka 35 ana sababu ya kufikiri, hasa kama ana deni lenye riba kubwa au afya si nzuri. Ninachosema ni kwamba ajue bei ya anachokichukua kabla ya kutia saini.

6. Makosa ya kuhesabu

Kosa la kwanza ni kuhesabu miaka ya kwenda kazini badala ya miaka ya kuchangia. Mkataba wa chini ya miezi 6 haukuingizi mfukoni mara moja. Unaingia ukishatimiza miezi 6 bila kukatika kwa zaidi ya siku 30. Miezi ile ya mwanzo inaweza kuingizwa kwenye hesabu, lakini lazima uombe ndani ya mwaka mmoja tangu uanze kuchangia na uilipie. Aliyefanya kazi kama mshauri au kwa mkataba wa mtu binafsi hakuwa mwanachama kabisa, hata kama alikaa meza moja na watumishi kwa miaka 3.

Kosa la pili ni likizo bila malipo. Miezi hiyo haihesabiwi isipokuwa michango yote miwili imelipwa, na mara nyingi mfanyakazi ndiye hubeba asilimia zote 23.7.

Kosa la tatu ni kuuza siku za likizo. Siku za likizo ya mwaka ukizitumia ukiwa bado mtumishi, unaendelea kuchangia. Ukilipwa fedha badala yake siku ya kuondoka, haziongezi hata siku moja ya uchangiaji. Mwenye siku nyingi na upungufu wa wiki chache azitumie kwanza, akikumbuka kwamba hawezi kuanza kazi nyingine wakati huo bila kibali.

Tarehe yenye uhakika ni ile iliyo kwenye taarifa yako ya mwaka ya mfuko. Ukiona haifanani na barua yako ya ajira, uliza ukiwa bado kazini, maana ofisi inayotunza jalada lako bado iko jirani.

7. Aliyekwisha kuondoka

Mwenye barua ya kuacha kazi iliyokwisha kupokelewa bado ana njia. Anaruhusiwa kuahirisha uchaguzi wa mafao kwa hadi miezi 36. Akipata kazi tena katika shirika linalochangia mfuko huu, kama UNICEF, UNHCR au WFP, ndani ya muda huo na hajachukua chochote, uchangiaji wake huhesabiwa kama haukukatika. Karani wetu mwenye miezi 57 angebakiza miezi 3 tu. Aliyechukua fedha kisha akarudi anaweza kuirejesha miaka yake kwa kulipa alichopewa pamoja na riba, mradi aombe ndani ya mwaka mmoja tangu aanze tena.

8. Hitimisho

Wenzetu walio katika mipango ya ziada ya kampuni, ile inayowekwa juu ya NSSF, nawaomba waitishe kanuni za mpango wao na kutafuta majibu matatu: muda wa kustahili ni miaka mingapi, haki inakuja yote kwa siku moja au kwa ngazi za kila mwaka, na fedha zinazoachwa zinaenda kwa nani. Huko Marekani, kwa mfano, sheria ya mipango ya aina hii humruhusu mwajiri kusubiri miaka 3 kisha kutoa haki yote, au kuigawa kwa ngazi za asilimia 20 kuanzia mwaka wa 2 hadi wa 6. Mpango wako unaweza kuwa na ngazi kama hizo, na kila ngazi ina tarehe yake.

Kwa hiyo kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi, andika kwanza tarehe mbili kwenye karatasi moja: ile unayotaka kuondoka na ile ambayo haki yako inatimia. Kama ya pili iko mbele kwa wiki au miezi michache, mwombe mwajiri mpya akusubiri. Na ukifika huko, usijaze fomu ya fedha taslimu siku hiyohiyo.