Karatasi ya Ada ya Mwalimu wa Nyumbani

Msikilizaji, mwisho wa mwezi wazazi wengi wa Kampala hupokea ujumbe mfupi wa mwalimu wa nyumbani: "Naomba shilingi 200,000." Hapo ndipo ugomvi huanzia, maana hausemi ni vipindi vingapi.

Tuchukue mfano wa mtoto wa darasa la saba huko Ntinda, anayesoma hesabu Jumanne na Alhamisi kwa shilingi 25,000 kila kipindi. Mwezi wa Mei vilipangwa vipindi 8. Vitano vilifanyika kama kawaida. Jumanne tarehe 12 mtoto aliugua, mama akatoa taarifa tangu jana yake, kipindi kikahamia Jumamosi tarehe 16, hicho kinalipwa. Alhamisi tarehe 14 mwalimu alifika akakuta geti limefungwa, familia iko harusini. Nacho kinalipwa, kwa sababu nauli na jioni yake vimekwenda. Tarehe 21 mwalimu alikwamishwa na mvua, hakufika. Hicho kinafutwa. Jumla ni vipindi 7, shilingi 175,000.

Karatasi ya ada ionyeshe tarehe zote hizo, na kanuni yake chini: taarifa saa 24 kabla, kufidia ndani ya mwezi huohuo. Bila kikomo hicho, vipindi hulimbikizana hadi Novemba, mtihani wa taifa wa darasa la saba umeshafika. Tena mkubaliane mapema nani atalipa gharama ya kutoa fedha kwenye simu.